Usingizi Umerudi, Machozi Yako Palepale: Sonona au Majonzi Sugu?

Wiki iliyopita afisa tabibu mmoja wa kituo cha afya huku Kanda ya Kati aliniandikia hivi: "Sista, nina mama aliyefiwa na mume mwaka juzi. Nilimwanzishia amitriptilini, sasa analala vizuri, lakini kila kliniki analia yaleyale. Nimwongezee dozi au nimbadilishie dawa?"

Nimeamua kumjibu hapa ili na wengine wasome, maana najua ninyi mnaosoma ukurasa huu mnataka kuwa watu wa afya ya akili wanaojua wanachokifanya, siyo wa kuandika dawa na kuita "anayefuata". Kabla ya kugusa dozi, dada yangu, rudi kwenye historia ya mgonjwa. Inawezekana unatibu sonona kwa mtu ambaye kilichombana zaidi ni majonzi sugu.

Nina mama mmoja aliyenifundisha jambo hili kuliko darasa lolote. Mambo machache nimeyabadilisha asije akatambulika. Ni mkulima wa zabibu kutoka vijiji vya pembeni mwa Dodoma, aliyefiwa na binti yake mkubwa kwa kutoka damu nyingi baada ya kujifungua. Mtoto alipona, na bibi ndiye anayemlea. Alipofika kwetu ulikuwa umepita mwaka na miezi kadhaa tangu mazishi. Faili lake lilikuwa limeandikwa sonona, na kwa kweli aliyeandika hakukosea kabisa: usingizi ulikuwa haupo, mwili umekwisha, shamba limeota magugu, na kwenye dodoso la PHQ-9 alikuwa na alama 16 kati ya 27. Alianzishiwa amitriptilini miligramu 25 usiku, ikapandishwa taratibu hadi 100. Hiyo ni dozi ya kweli ya sonona, si ile ya 25 inayoachwa hapohapo miezi sita halafu tukasema dawa imeshindwa. Alama zikashuka hadi 9.

Watu walifurahi. Mimi nikaangalia zimeshukia wapi. Zilishuka kwenye usingizi, hamu ya kula na uchovu, ila huzuni ilibaki vilevile. Na PHQ-9, kwa maswali yake yote tisa kuhusu wiki mbili zilizopita, haina hata moja linalomuuliza mtu kama anamtamani marehemu. Unaweza kushusha alama mgonjwa akabaki na jambo lake lilelile.

Nilipopeleka hoja hiyo kwenye kikao cha wagonjwa, mkubwa mmoja wa kazi alinikata katikati. Akasema hiyo ni sonona tu, mengine ni mbwembwe za vitabu vipya, na wauguzi tuangalie mapigo ya moyo. Watu wakacheka. Sijasahau, wala sijifanyi nimesahau. Basi naomba tuvifungue hivyo vitabu vipya vinasema nini.

Majonzi sugu yamo kwenye orodha ya magonjwa ya Shirika la Afya Duniani, toleo la 11, lililoanza kutumika Januari 2022. Namba yake ni 6B42. Kiini chake ni kumtamani marehemu kusikokoma, au fikra kumganda yeye, pamoja na maumivu makali ya moyo, kwa muda usiopungua miezi sita, kupita kiasi ambacho mila na dini ya mfiwa inakitegemea, na maisha yake yakakwama kwa ajili hiyo. Wamarekani kwenye mwongozo wao wa mwaka huohuo wanataka mwaka mzima kwa mtu mzima. Sonona haina haja ya msiba. Wiki mbili zinatosha, na kiini chake ni huzuni au kukosa raha kunakofunika kila kitu. Kwa hiyo usitofautishe kwa machozi. Wote wanalia.

Sasa maswali. Mimi huanza na hili: "Mama, huzuni ikikushika, unakuwa unamuwaza nani au unawaza nini?" Mwenye sonona mara nyingi atakuambia kila kitu: madeni, kichwa, maisha, nafsi yake, na pengine hajui hata anawaza nini. Huyu mama hakusita. Alinitajia jina la binti. Nikamuuliza ni mara ngapi kwa siku, akasema, "Sista, ni saa ngapi simuwazi?"

La pili siyo swali hasa, ni ombi: "Nisimulie alikuwa mtu wa namna gani." Halafu unanyamaza na kutazama uso. Yule mama alinyanyuka kwenye kiti kama mtu mwingine. Alinisimulia binti alivyokuwa akiwaigiza wanunuzi wa zabibu wanavyobana bei, akacheka kwa sauti mpaka mwanafunzi aliyekuwa anaandika akainua kichwa. Dakika mbili baadaye akaanza kulia upya. Raha ilikuwepo, ila imefungiwa kwa marehemu. Kwenye sonona nzito hata kumbukumbu nzuri huja bila ladha, au haziji kabisa.

La tatu: "Kuna vitu vyake unavyovitafuta, na kuna mahali unapopakwepa?" Hapa ndipo majonzi sugu yanapojianika, maana mtu mmoja hufanya yote mawili. Mama alitoa mkobani simu ya binti yake, kioo kimepasuka pembeni, chaji imejaa. Kila mwezi anaiwekea vocha laini isifungwe, na usiku anasikiliza sauti alizotumiwa wasapu enzi za uhai wake. Wakati huohuo, barabara ya kwenda hospitali alikofia binti hapiti. Yuko radhi kuzunguka. Mwenye sonona naye hujifungia ndani, lakini hujifungia kwa kuwa hana nguvu wala hamu ya chochote, siyo kwa kukimbia mahali fulani.

La nne ni lawama: "Unajilaumu kwa lipi?" Mama alisema, "Ningekodi bodaboda usiku uleule." Lawama yake ilikuwa na tarehe, saa na barabara. Mwenye sonona atakuambia yeye ni mzigo, hafai, hajawahi kufaa.

Na hili la tano usithubutu kuliruka kwa aibu: "Umewahi kutamani kufa? Ukiwaza kufa, unawaza kupata nini?" Mwenye majonzi sugu mara nyingi anataka kumfuata marehemu, mwenye sonona anaona hastahili kuishi au amechoka na mateso. Sababu zinatofautiana, hatari ni ileile. Uliza kama ana mpango, na uliza kilichomo nyumbani. Wakulima wetu wanaweka viuatilifu chini ya kitanda, na amitriptilini yenyewe ikinywewa nyingi kwa pamoja inaua kwa kuvuruga moyo. Mama huyu tulimpa dawa za wiki moja moja, zikashikwa na mdogo wake.

Jambo moja la kwetu. Vipimo vya muda havifanyi kazi bila kujua mila. Mjane Mwislamu aliye kwenye eda ya miezi minne na siku kumi, akitulia ndani, hakwepi kitu, anatimiza ibada. Kusikia sauti ya marehemu ikimwita jioni peke yake si kichaa. Ni jambo la kawaida kwa wafiwa, usikimbilie haloperidoli. Mimi huuliza: "Wenzako mliomlilia pamoja, wao wamefikia wapi?" Mama alijibu mumewe ameshaweka msalaba kaburini na anaenda shambani, yeye hajafika makaburini tangu siku ya mazishi, na ndugu wameanza kumwambia amezidisha. Jamii yake yenyewe imeshakuonyesha mpaka ulipo.

Je, ilikuwa sonona au majonzi? Yote mawili, na hali hiyo ni ya kawaida sana. Sonona yake ilipokea dawa. Majonzi hayakupokea, na hilo halikunishangaza. Kuna utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2016, wafiwa 395, ukiongozwa na Katherine Shear. Waliopata tiba ya mazungumzo ya majonzi, wapatao 83 katika kila 100 walipata nafuu, wawe walimeza sitalopramu au kidonge bandia. Dawa haikuongeza kitu kwenye majonzi. Ilichosaidia ni kupunguza dalili za sonona ilipoambatana na tiba hiyo. Yule mkubwa wa kikao nilimpelekea karatasi mezani kwake. Hakunijibu, nami sikudai jibu.

Tiba hiyo kwa kawaida ni vikao kama 16, kimoja kwa wiki. Sehemu yake ngumu ni hii: mgonjwa anafumba macho na kusimulia saa aliyopata taarifa ya kifo, kana kwamba inatokea sasa, anarekodiwa, na nyumbani anaisikiliza. Inauma. Lakini inarudiwa hadi akili ikubali kwamba imetokea na imekwisha. Mama alisimulia mpaka pale daktari alipotoka mlangoni na kuvua glovu, na mara kadhaa aliishia hapohapo. Siku alipovuka sentensi ile, tulianza kazi ya barabara: kwanza mpaka njia panda na mumewe, baadaye mpaka getini. Baadaye akaongea na binti yake kwenye kiti kitupu, akamuuliza la bodaboda, kisha yeye mwenyewe akajibu kwa sauti ya binti. Na kila kikao tulitenga muda wa mambo ya mbele: shamba, na mjukuu ambaye alikuwa anamlisha bila kumtazama usoni. Simu sikumnyang'anya. Wapo wanaoshauri familia ichome nguo na vitu vyote. Acheni, kwani lengo ni vitu hivyo viache kumtawala.

Wenye sonona huwezi kuwaendesha hivyo kwa kukurupuka. Asiyekula, asiyeinuka, anayesikia sauti za kumtukana au aliye na mpango wa kujiua, mtulize kwanza kwa dawa na uangalizi, rufaa ikibidi, ndipo uguse hadithi ya kifo. Tena asiye na msiba unaomvuta, ukimrudisha kwenye makaburi unampotezea muda. Yeye arudishwe kwenye shughuli kidogo kidogo.

Kwa dada aliyeniandikia: kwanza hakikisha dozi imefika na anaimeza. Ikiwa imefika, sonona imelegea na kinachobaki ni mume, usipandishe wala usikate ghafla. Endelea nayo, uanze mazungumzo. Najua kliniki yako ina foleni na huna mtaalamu aliyefunzwa tiba hii. Tafuta wa kukusimamia hata kwa simu kabla ya kugusa kusimulia kifo, na wakati unasubiri anza na kumsikiliza, sehemu anazokwepa na mipango yake ya mbele. Andika tarehe ya kifo juu ya faili kwa wino mwekundu. Wiki inayokaribia tarehe hiyo mpangie miadi ya ziada, kwa sababu atazidiwa, na asiyejua tarehe atadhani dawa imeacha kufanya kazi.