Namba ya kitambulisho iandikwe mwisho

Swali la wiki: "Tovuti mpya ikikuomba namba ya kitambulisho, huwa unasoma notisi ya faragha na vile visanduku vya chini, au unabonyeza 'Nakubali' na kuendelea?"

Nasoma, tena kabla sijaandika hata tarakimu moja. Wengi wetu tunaamini kwamba taarifa zinaondoka pale tu tunapobonyeza kitufe cha kutuma. Sivyo kila mara. Ukurasa unaweza kubeba programu ndogo inayonasa unachoandika wakati bado unaandika. Mwaka 2022 watafiti wa vyuo vikuu kadhaa vya Ulaya walichapisha matokeo ya kukagua tovuti 100,000 zinazotembelewa sana. Zilipofunguliwa kutokea Ulaya, zaidi ya 1,800 zilipeleka baruapepe iliyojazwa kwa kampuni za matangazo na ufuatiliaji kabla fomu haijatumwa. Walipima baruapepe, si namba za kitambulisho, lakini mlango unaopitisha kimoja unaweza kupitisha kingine. Ndiyo maana ukishajaza namba kwanza, kusoma masharti baadaye ni kuchelewa.

Notisi yenyewe siisomi neno kwa neno. Naifungua, natafuta neno "kitambulisho" ndani ya ukurasa, kisha "washirika", kisha "muda". Nataka kujua namba inatakiwa kwa kazi gani, nani mwingine ataiona, na itafutwa lini. Hivi karibuni nilitaka kujisajili kwenye tovuti ya kukodisha vifaa. Fomu iliomba jina, simu, baruapepe na namba ya kitambulisho. Kwenye notisi, neno "kitambulisho" lilikuwa mara moja tu, katikati ya orodha ndefu ya taarifa wanazokusanya, na sababu ya orodha nzima ilikuwa "kuboresha huduma zetu". Hiyo si sababu ya kutaka namba ya mtu. Sababu halisi ingesema, kwa mfano, kwamba namba inatumika kuhakiki jina kabla ya kukabidhi kifaa, na kwamba inafutwa baada ya muda fulani kifaa kikisharudishwa. Kuhusu muda waliandika "kadiri itakavyohitajika", maneno yasiyomfunga mtu yeyote.

Chini ya fomu palikuwa na visanduku viwili. Cha kwanza kilikuwa na tiki tayari: "Nipate ofa kutoka kwenu na kwa washirika wenu." Cha pili kilikuwa kitupu: "Weka tiki hapa kama hutaki taarifa zako zitumike kwa matangazo." Hapa ndipo ushauri wa "ondoa tiki zote" unapokwama. Ukiviacha vyote viwili vitupu, umekataa cha kwanza na kukubali cha pili. Hakuna njia ya mkato. Kila sentensi isomwe mpaka mwisho, uone kama tiki inamaanisha ndiyo au hapana.

Kuna jambo jingine ambalo watu hawaliangalii. Ukikosea sehemu moja, tuseme tarakimu ya simu imepungua, ukurasa hujifungua upya ukiwa na maandishi mekundu. Kwenye baadhi ya tovuti, ile tiki uliyoiondoa huwa imerudi mahali pake. Macho yako yako kwenye kosa la simu, unalirekebisha, unatuma. Mimi huangalia visanduku mara ya mwisho kabla ya kila kubonyeza, hata kama nilishavishughulikia.

Tarehe 1 Oktoba 2019 Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya iliamua kesi ya Planet49, kampuni ya Ujerumani iliyoendesha bahati nasibu mtandaoni. Kisanduku cha kukubali vidakuzi, yaani faili ndogo ambazo tovuti huweka kwenye kifaa chako, kilikuwa kimewekewa tiki tayari. Mahakama ilisema hiyo si ridhaa, kwa kuwa huwezi kujua kama mtu alikiona kisanduku chenyewe. Kilichonishtua zaidi ni kisanduku kingine kwenye fomu hiyohiyo, kilichohusu matangazo ya wadhamini na washirika: kiungo chake kilifungua orodha ya kampuni 57. Sasa nikikuta neno "washirika" bila orodha, nachukulia kwamba ni yeyote.

Hata hivyo, kuondoa tiki kunazuia matangazo tu. Hakuzuii matumizi mengine ya namba yaliyotajwa ndani ya notisi. Na uzito wake si sawa: matangazo unaweza kujiondoa kesho, lakini namba ya kitambulisho huibadilishi kama unavyobadilisha nywila.

Kwenye ile tovuti ya vifaa niligundua kwamba jina, simu na baruapepe zilikuwa na nyota nyekundu ya lazima, ila namba ya kitambulisho haikuwa nayo. Niliwaandikia kupitia anwani iliyokuwa mwisho wa notisi, nikauliza inahitajika wakati gani. Wakajibu kwamba ni siku ya kuchukua kifaa, na kwamba kuonyesha kadi kunatosha. Basi nikajisajili, sehemu ile nikaiacha wazi.