Linki ya videyo haifunguke: ubandike nini ili upate rezime haraka

Swali: Yaya, niko Bukavu, nimetuma linki ya videyo ya YouTube ya minite 40 juu ya kukausha kahawa kwa programu ya akili bandia, inaniambia haiwezi kuifungua. Mega zangu ni chache na kikao cha koperative ni leo mchana. Niipatie nini?

Jibu: Dada, bora hiyo imekuambia ukweli, kuko zingine zinaangalia tu titre kisha zinakutungia rezime nzuri kabisa ya vitu ambavyo hakuna mtu alisema. Linki acha nayo, yenye inahitaji ni maneno.

Fungua YouTube kwenye navigateta, si kwenye aplikasyo, juu kule kukopi maandishi ni shida, na kama uko kwa telefone weka «Version pour ordinateur». Simamisha videyo ili isikule mega, bonyeza «plus» chini ya titre, shuka mpaka «Afficher la transcription». Maneno yote yatatokea pembeni pamoja na minite zake, chagua kuanzia juu mpaka chini, kopi. Minite usizitoe, njo zitakusaidia kuhakikisha.

Minite 40 za mtu anayeongea zinaweza kufika maneno 5.000 ao 6.000, basi kama sanduku linakataa kata vipande viwili ao vitatu, uandike «sehemu ya 1 kati ya 3, ngoja zingine». Mbele ya maandishi weka titre, nani anaongea, tarehe, na kazi yenyewe, kwa mfano hivi: «Tumia maandishi haya tu. Nipe mambo 6 ambayo wakulima wanapaswa kufanya, kila moja na minite yake. Kisichokuwemo sema hakimo.»

Rezime ikifika, chagua minite mbili tatu uzisikilize, zaidi zenye ziko na hesabu. Transcription ya otomatiki inasikia vibaya majina ya kwetu na namba pia. Kahawa ya parche inakaushwa mpaka unyevu wa 11 ao 12 kwa mia, kwa hiyo ukiona rezime inasema 20, rudia kwenye videyo mbele ya kusomea watu.

Na kama transcription haipo, ao videyo ilitoka WhatsApp? Hapo ni masikio yako. Sikiliza mwanzo, sikiliza minite tatu za mwisho (watu wengi wanarudilia mambo makubwa pale), katikati ruka-ruka, usimame penye kuko tablo ao picha, fanya kapture. Andika yenye umesikia bila kupamba, na sehemu zenye umeruka uziseme: «kuanzia 15 mpaka 25 sikusikiliza». Ukinyamaza, programu itaziba lile shimo na maneno yake yenyewe, na kwenye kikao wewe njo utaulizwa.