Umeme ukikata ukiwa kwenye AutoCAD, kabla hujalia soma hii

Juzi kati hapa niko nachora nyumba ya mteja mmoja wa Isamilo, kiwanja chenyewe ndo vile viwanja vyetu vya Mwanza, mawe matupu na mteremko, yaani nusu ya kazi ni kupanga ngazi na ukuta wa kuzuia udongo kabla hujafika hata sebuleni. Nimesevu mara ya mwisho saa tano asubuhi, nikanogewa. Mvua ikaja kutoka ziwani, saa saba kasoro dakika tano, pap, giza. Kompyuta yangu ni deskitopu na UPS ilishakufa betri siku nyingi, najua, najua.

Umeme uliporudi dogo ninayefanya naye kazi akaniambia, "Kaka, fungua tu faili tuanze pale ulipoishia." Nikamwambia tulia kwanza dogo. Maana faili la saa tano lipo, ila masaa mawili ya ukuta hayamo humo, yako kwenye faili jingine kabisa ambalo wengi hawalijui.

AutoCAD inajisevia yenyewe kila dakika 10 kama hujabadilisha kitu, lakini haigusi faili lako la dwg. Inatengeneza faili la pembeni linaloishia na sv$ na kulitupa kwenye folda ya muda ya Windows. Ukifunga mchoro vizuri faili hilo linafutwa, hata kama ulijibu hutaki kusevu, kwa hiyo aliyebonyeza No kwa bahati mbaya huku hakutamsaidia. Programu ikianguka au umeme ukikata ndo linabaki.

Mara nyingi ukifungua AutoCAD tena inakuletea yenyewe dirisha la Drawing Recovery Manager na orodha ya mafaili, unachagua lenye saa ya karibuni. Kwangu halikutokea, ikabidi niende kwa mguu. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, kisha andika:

```
%TEMP%
```

Ikifunguka panga kwa tarehe halafu tafuta jina la mchoro wako, litakuwa na namba namba baada ya jina. Langu lilikuwa la 12:48, yaani saa sita na dakika 48 za kwetu. Dakika saba tu ndo zimepotea! Sasa hapa usiwe na papara. Usilibadilishe jina likiwa hapo hapo, likopi kwanza kwenye folda nyingine, ndo ubadilishe ile sv$ ya mwisho iwe dwg, na jina lipe jipya ili lisilale juu ya lile la saa tano. Kama huoni herufi za mwisho za mafaili, washa File name extensions kwenye View, la sivyo utaishia kuwa na ukuta.dwg.sv$ na halitafunguka. Likigoma kufunguka, andika RECOVER ndani ya AutoCAD ulichague, hiyo inajaribu kulitengeneza.

Na msimruhusu mtu asafishe kompyuta kabla hamjalitoa. Dogo wangu alikuwa ameshafungua ile programu ya kufuta takataka eti mashine imekuwa nzito, na folda ya muda ndo ya kwanza kufagiliwa.

Kuna na bak. Hili linakaa pembeni ya dwg yako na ni hali ya mchoro kabla ya sevu yako ya mwisho, kwangu ingenirudisha saa nne huko. Linafaa pale dwg yenyewe imeharibika, mfano umeme umekata katikati ya kusevu. Ila ukisevu tena juu ya mchoro mbovu, bak nzuri inafutwa na mbovu inachukua nafasi, kwa hiyo likopi kabla hujagusa kitu.

Baada ya hapo nilitengeneza folda D:\OKOA nikaandika haya, mstari mmoja mmoja:

```
SAVETIME
5
ISAVEBAK
1
SAVEFILEPATH
D:\OKOA
```

Yaani kujisevia kila dakika tano, bak iwe imewashwa, na mafaili ya kujisevia yanakaa nje ya ile folda inayofagiliwa. Nilijaribu dakika moja, ikawa mchoro mzito unaganda ganda kila saa, mausi inasimama unatukana bure. SAVETIME ikiwa 0 maana yake umezima kabisa, na kuna mashine za kuazima nimezikuta hivyo. Halafu jua hesabu inaanza pale unapobadilisha kitu, na ukisevu kwa mkono inaanza upya.

Kuhakikisha, chora mistari miwili mitatu, subiri dakika zipite huku unaongeza kitu, kisha andika SAVEFILE. Ikikuonyesha njia ya D:\OKOA na jina la faili, inafanya kazi. Ikiwa tupu, bado haijajisevia hata mara moja.

Betri ya UPS bado sijanunua, mteja wa Isamilo akimalizia hela ndo naenda.