Kabla ya kununua shati, ligeuze ndani nje

Mwaka juzi nilinunua shati jipya la kazini mjini Dodoma kwa shilingi 18,000. Mwezi huohuo fundi cherehani wa mtaa wa Majengo akanishonea jingine: mita mbili za pamba 16,000, ufundi 15,000. Yote nimekuwa nikiyavaa mara moja kwa wiki.

La dukani lilidumu miezi saba. Lile la fundi lina miaka miwili na nusu na bado navaa. Ukigawanya bei kwa mara nilizovaa, la kwanza lilinigharimu kama shilingi 600 kila siku niliyolivaa, la pili mpaka leo halifiki 240.

Wengi hulaumu polista, lakini polista yenyewe ni imara. Shati langu lilikuwa la mchanganyiko wa pamba na polista, jepesi, la nyuzi fupi. Nyuzi fupi hutoka nje pale nguo inaposuguana, zikajiviringa kuwa vifundo. Kwenye pamba tupu vifundo hivyo hukatika vikadondoka, lakini polista huvishikilia, ndiyo maana shati lilichakaa kwa kulitazama kabla halijatoboka. Ukitaka kujua umeuziwa nini, chomoa uzi wa kitambaa chenyewe, si wa kushonea, uuchome. Pamba huungua kama karatasi ikaacha majivu laini. Polista huyeyuka ikaacha punje ngumu.

Hata hivyo, kilichoniangusha hasa ni mshono. Kwapa lilifunguka. Nilipogeuza nguo nikakuta ukingo wa nusu sentimita tu, umepigwa ovaloki, na mishono saba kwa kila inchi. Kitambaa kilikuwa kimeanza kufumuka kutoka kwenye uzi, na hapakuwa na nafasi ya kushonea tena. La fundi lina mishono kumi na moja kwa inchi, na kingo zimekunjiwa ndani zikapigwa mara ya pili, hivyo hakuna uzi wa kitambaa ulio wazi.

Vifungo vya dukani mara nyingi hushonwa na mashine kwa uzi mmoja wa mnyororo. Ukivuta ncha moja, kifungo chote kinaachia. Viongezee uzi kwa sindano siku unayoleta nguo nyumbani.

Si kila la fundi ni zuri. Pamba hurudi ikifuliwa, kwa hiyo loweka kitambaa usiku mzima na ukikaushe kabla hujampelekea. Mwombe pia akuachie sentimita moja na nusu ya akiba ubavuni. Mimi nilinenepa, akafungua ubavu na kunipanulia kwa dakika ishirini.

Mwezi uliopita kola ilianza kulika pale inapokunjwa shingoni. Akaibandua, akaigeuza upande uliokuwa chini ukaja juu, akairudishia.