Kusubiri 3 badala ya 2 baada ya lw

"Simuleta yangu ya pipeline ya hatua 5, IF, ID, EX, MEM na WB, inahesabu kusubiri 3 hapa, jibu la maabara ni 2. Nimekosea wapi?"

```
lw  x5, 0(x6)
add x7, x5, x8
```

Ndugu, angalia mpangilio wa hatua ndani ya kitanzi chako. `lw` inaandika `x5` kwenye WB, mzunguko wa 5. Rejista huandikwa nusu ya kwanza ya mzunguko na kusomwa nusu ya pili, kwa hiyo `add` inaisoma kwenye ID mzunguko huohuo, badala ya wa 3. Jumla mizunguko 8. Ukiendesha ID kabla ya WB, inakuta `x5` bado haijaandikwa, inasubiri tena. Endesha kinyumenyume: WB kwanza, IF mwisho.

Ukiongeza njia ya mkato kwenda EX itabaki kusubiri 1, kwani data ya `lw` hupatikana mwisho wa MEM.