Kipimajoto kikihama, miaka ya nyuma hurekebishwaje?

"Kituo kikihamishwa, na miezi mingine haikuandikwa, mnajuaje joto limepanda kweli?"

Chukua joto la chini la Dodoma la kila mwezi, utoe la Singida. Mwaka wa baridi huvikumba vyote viwili, kwa hiyo tofauti yao haichezi sana. Tuseme imekuwa nyuzi 0.5 miaka yote, kisha ghafla ikawa 1.3 na kubaki hapo. Hapo kilichobadilika ni kituo kimoja, si hali ya hewa. Jaribu na majirani wengine pia, maana huenda aliyehama ni Singida. Daftari la Dodoma likionyesha kisanduku cheupe cha kipimajoto kilihamishwa mwezi huohuo, ongeza 0.8 kwenye miaka yote ya kabla yake, ndipo upige mstari wa kuona kama joto linapanda.

Na miezi isiyoandikwa? Aliyependekeza hapa kuwa pengo lizibwe kwa wastani wa mwezi huo wa miaka mingine yuko nusu sahihi: hesabu haikatiki, ila mwaka wa joto kali unafutika. Heri namba ya jirani ujumlishe ile tofauti.

Wewe uliyeuliza kuhusu nafasi tupu kwenye daftari lako la mvua ya shambani Kongwa, ile ya Julai huenda ni sifuri kweli. Ya Januari, msimu wa mvua, usithubutu kuiandika sifuri.

Mji ukikua polepole kukizunguka kituo, joto lake hupanda kidogo kidogo, hakuna mruko wa kuuona. Hapo hata sisi tunaorekebisha takwimu hizi hubishana.