Kabla hujatangaza tarehe ya mkutano, hakikisha ukumbi umeshikwa kwa maandishi

Meneja wa ukumbi akikuambia kwenye simu, "Usijali ndugu yangu, tarehe yako nimeishika," mara nyingi maana yake ni kwamba jina la taasisi yako limeandikwa kwenye daftari la nafasi, na pembeni kuna alama inayoonyesha kuwa hujalipa. Akitokea mteja mwenye hela mkononi, meneja huyo huyo anaweza kumpa ukumbi, na hatakuwa amekuvunjia mkataba wowote. Sheria ya Mikataba ya Tanzania, Sura ya 345, inamruhusu aliyetoa pendekezo kuliondoa muda wowote kabla hujamjulisha kwamba umelikubali. Kushikiwa ukumbi bila kulipa chochote ni hisani. Jambo la kufanya ni kuipa hisani hiyo mipaka inayojulikana na pande zote mbili, kisha kuigeuza kuwa mkataba kabla muda wake haujaisha.

Nitaeleza kwa mfano wa mkutano wa kawaida katika kazi zetu. Chama cha kitaaluma kinataka mkutano mkuu wa mwaka wa watu 180, Dodoma, Alhamisi na Ijumaa, tarehe 14 na 15 Mei 2026. Anayeifahamu Dodoma ameshaona tatizo: Bunge la bajeti huanza Aprili na kuendelea hadi mwisho wa Juni, na miezi hiyo wizara, taasisi na wadau wao wote wako mjini. Kumbi na vyumba vya kulala vinagombewa. Wakati huohuo chama hakiwezi kulipa malipo ya awali leo, kwa sababu kamati tendaji itakaa mwezi wa pili. Hapo ndipo unapohitaji kushikiwa.

Anza na simu, ila usiulize tu kama ukumbi uko wazi. Uliza kama kuna mtu mwingine aliyeshikiwa tarehe hizo kabla yako. Kumbi nyingi hushikia wateja wawili au hata watatu tarehe moja kwa foleni, na wa pili hupata tu kama wa kwanza ameachia. Usipouliza unaweza kukaa wiki tatu ukiamini una ukumbi, kumbe wewe ni wa pili. Ukiwa wa pili, bado inafaa kubaki kwenye foleni, ila tafuta ukumbi mwingine siku hiyo hiyo.

Swali linalofuata ni nani anautumia ukumbi jioni ya Jumatano na nani anaingia Jumamosi. Hili wengi hawaliulizi, na ndilo linaloharibu mikutano ya Alhamisi na Ijumaa. Jumamosi ni siku ya harusi, na wapambaji wanataka kuingia tangu Ijumaa mchana. Nimewahi kusimamia kikao cha kufunga mkutano huku ngazi ikiburutwa nyuma ya viti vya mwisho na vijana wakitundika vitambaa vyeupe darini, mgeni rasmi akiwa bado anasoma hotuba. Karatasi yetu ilitaja tarehe peke yake, haikutaja saa, na kwa meneja "Ijumaa" ilikuwa inaishia saa 9 alasiri. Tulibaki hatuna hoja ya kumwambia.

Baada ya simu, andika barua pepe siku hiyo hiyo mazungumzo yakiwa bado ya moto. WhatsApp inafaa kwa kukumbushana, lakini masharti yakae kwenye barua pepe moja ambayo mhasibu, katibu wa chama na meneja wote wanaweza kuifungua. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 inautambua ujumbe wa kielektroniki, kwa hiyo usisubiri barua yenye muhuri ndipo uanze kulinda tarehe yako. Barua yenyewe naiandika hivi:

"Ndugu Meneja, habari za kazi. Kufuatia mazungumzo yetu ya leo kwa simu, tunaomba mtushikilie Ukumbi Mkubwa kwa mkutano wa watu 180, waliokaa mtindo wa darasa, Alhamisi tarehe 14 na Ijumaa tarehe 15 Mei 2026. Tunaomba kuingia kuandaa Jumatano tarehe 13 Mei kuanzia saa 10:00 jioni, kuutumia ukumbi saa 1:00 asubuhi hadi saa 12:00 jioni siku zote mbili, na kukabidhi Ijumaa saa 2:00 usiku. Umetueleza kwamba hakuna mteja mwingine aliyeshikiwa tarehe hizo kabla yetu. Tunaomba mtushikilie bila malipo hadi Ijumaa tarehe 13 Februari 2026 saa 10:00 jioni. Akijitokeza mteja mwingine aliye tayari kulipa kabla ya muda huo, tunaomba mtujulishe kwa barua pepe hii na kutupa saa 48 kuthibitisha au kuachia. Tunaomba pia profoma yenye bei kwa kila mshiriki kwa siku, ikionyesha kama kodi ya ongezeko la thamani imo ndani, pamoja na masharti yenu ya malipo ya awali, idadi ya chini ya kulipiwa, na kuahirisha au kufuta. Tafadhali tujibu kwa maandishi kwamba mmekubali kutushikilia kwa masharti haya."

Sentensi ninayoithamini kuliko zote humo ni ile ya saa 48. Meneja mwenye busara huikubali kwa urahisi, maana haimzuii kuuza. Inamtaka tu akupigie hodi kwanza. Kwako wewe inakupa nafasi ya kuwapigia wajumbe wa kamati na kutafuta uamuzi wa dharura kabla hujapoteza ukumbi. Taja pia saa ya mwisho, si tarehe peke yake. "Hadi tarehe 13" mmoja ataisoma kama asubuhi ya siku hiyo na mwingine kama usiku wake. Profoma ikija kwa Kiingereza, hakikisha saa zimegeuzwa sawasawa, kwa sababu saa 2:00 usiku ikiandikwa kama saa mbili mchana kwa mtindo wa Kiingereza, mtatolewa ukumbini katikati ya chakula.

Neno "mtindo wa darasa" nalo halimo kwa urembo. Ukumbi unaotangazwa kuwa wa watu 300 kwa kawaida umehesabiwa kwa viti vitupu vilivyopangwa safu kwa safu. Ukiweka meza za kuandikia, idadi inashuka hadi karibu nusu. Kwa watu 180 wenye meza, ukumbi huo wa 300 unaweza usitoshe, na hutaligundua hadi Jumatano jioni. Mwombe meneja aandike idadi kwa mpangilio unaoutaka wewe.

Sasa profoma imefika. Tuchukulie kifurushi ni shilingi 65,000 kwa mshiriki kwa siku: ukumbi, chai ya saa nne, chakula cha mchana, chai ya saa kumi, maji, projekta na vipaza sauti. Kwa watu 180 siku mbili ni shilingi 23,400,000. Kama bei hiyo haina kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 18, inaongezeka shilingi 4,212,000 na kufika 27,612,000. Nimeona bajeti zilizopitishwa na kamati kwa tarakimu ya kwanza, kisha ankara ikaja kwa ya pili. Swali la sekunde chache kwenye barua linaokoa zaidi ya milioni nne.

Kisha angalia idadi ya chini ya kulipiwa. Ukumbi unataka uhakika, na ni haki yake, kwa sababu jikoni hununua vyakula mapema. Lakini usikubali ifungwe kwenye 180 miezi mitatu kabla. Wanachama wa mikoani huthibitisha kisha ruhusa zikagoma. Ninachoomba ni idadi ya chini ya watu 150 wakati wa kuweka mkataba, na idadi ya mwisho itolewe siku 7 kabla, yaani Alhamisi tarehe 7 Mei. Tofauti kati ya 150 na 180 kwa siku mbili ni shilingi 3,900,000 kabla ya kodi. Hizo ndizo fedha ambazo chama kingelipia sahani zisizo na mlaji. Uliza pia upande wa pili: wakija 190, jikoni linaweza kuongeza wangapi kwa bei ileile?

Malipo ya awali hayasumbui sana ikiwa mmeandikiana asilimia, tarehe na akaunti ya benki yenye jina la hoteli au ukumbi wenyewe, si la mtu. Ikiwa mhasibu wenu atakata kodi ya zuio, mjulishe meneja mapema. Vinginevyo fedha zitaingia pungufu na mtu wa mapokezi atasema hamjakamilisha.

Dodoma ina sharti moja la ziada ambalo nalisisitiza: ukumbi ukihitajika kwa shughuli ya serikali, itakuwaje? Hakuna haja ya kubishana kama hilo linaweza kutokea. Omba waandike kwamba wakilazimika kuwahamisha watawajulisha kwa maandishi, watarudisha malipo yote ndani ya siku mnazokubaliana au watatoa ukumbi mwingine wa uwezo uleule kwa bei ileile, na kwamba uchaguzi ni wenu. Meneja mmoja aliwahi kuniambia waziwazi, "Dada, la kurudisha hela nakuandikia, la ukumbi mwingine siwezi kuahidi." Nilimshukuru, kwa sababu nilijua ninachosaini na nikatafuta ukumbi wa akiba.

Jibu likija, tazama limetoka kwa nani. Ofisa mauzo anaweza kuwa mkarimu sana huku mwenye mamlaka ya kufunga tarehe ni meneja mkuu. Kama jibu limetoka kwa ofisa, mwombe amnakili meneja. Na kama jibu linasema tu "tumepokea, karibuni sana", bado hujashikiwa. Jibu kwa upole: "Ahsante. Tafadhali thibitisha kwamba mmekubali kutushikilia hadi tarehe 13 Februari saa 10:00 jioni kwa masharti tuliyoyaandika." Nikikosa jibu siku ya pili napiga simu, na nikiwa mji huohuo naenda mwenyewe na nakala mkononi ili igongwe muhuri na kutiwa saini.

Kamati ikichelewa, omba nyongeza kabla muda haujaisha, angalau siku mbili kabla, na taja sababu halisi pamoja na tarehe mpya moja. Meneja anayejua kwamba kamati inakaa tarehe 18 atakuongezea hadi tarehe 20. Anayesikia "bado tunashughulikia" atamfungulia mlango mteja wa pili. Kamati ikipitisha, usiandike tu kwamba habari ni njema. Andika kwamba chama kinakubali profoma namba fulani ya tarehe fulani pamoja na masharti ya barua ile, ambatisha risiti ya benki, na omba mkataba uliosainiwa. Kadi za mwaliko na tangazo la tarehe visubiri hapo.

Na ule ukumbi wa akiba ulioshikiwa upande wa pili wa mji, uachie kwa maandishi siku hiyo hiyo. Kuna mtu wa pili kwenye foleni yake anayesubiri jibu kama ulivyokuwa ukisubiri wewe, na meneja wake ndiye utakayempigia mwakani.